"Umejuaje?" Kutafuta na kutibu kauli zinazozidi ushahidi katika tasnifu

Rasimu imerudi kutoka kwa msimamizi. Kwenye vijisanduku vya maoni upande wa kulia wa skrini kuna maneno mafupi: "Wote?" "Umejuaje?" "Nani kasema?" Na mwisho wa sura, neno moja tu: "Punguza."

Mwanafunzi akiliona hilo "Punguza" hushika dawa iliyo karibu. Anapita sentensi kwa sentensi akinyunyiza "huenda", "labda" na "kwa kiasi fulani", kama mtu anayeongeza maji kwenye mchuzi uliozidi chumvi. Anairudisha kazi. Baada ya wiki mbili inarudi tena, safari hii imeandikwa: "Sasa unadai nini?"

Nimesoma rasimu za tasnifu za uzamili kwa miaka kadhaa, na mzunguko huu nimeuona mara nyingi kuliko kosa lingine lolote la uandishi. Shida ni kwamba maoni ya msimamizi yanaonyesha panapouma, hayataji ugonjwa. Kauli inaweza kusikika kali mno kwa sababu imehesabu watu wengi kuliko waliohojiwa, au kwa sababu imetaja chanzo kimoja ambako huenda viko vitatu, au kwa sababu kitenzi chake kimebeba uzito ambao data haziwezi kuubeba. Kila ugonjwa una dawa yake, na "huenda" inatibu machache tu.

Hii hapa aya ya kufanyia kazi. Nimeitunga mwenyewe, lakini kila sentensi yake nimeshakutana na ndugu yake:

"Wanafunzi wa kidato cha kwanza hufeli kwa sababu ya Kiingereza. Utafiti huu umethibitisha kwamba lugha ya kufundishia ndiyo inayosababisha wanafunzi wasielewe masomo. Walimu wote huchanganya lugha darasani. Inasemekana kwamba mtoto hujifunza vizuri zaidi kwa lugha anayoijua. Ni dhahiri kwamba Kiswahili kikitumika, ufaulu utapanda katika shule zote nchini."

Tuseme mwandishi wake alifanya hivi. Alikwenda shule mbili za kata katika wilaya moja. Wanafunzi 64 wa kidato cha kwanza walifanya jaribio la biolojia lenye maswali 10 kwa Kiingereza, na wiki moja baadaye wakafanya maswali yaleyale kwa Kiswahili. Wastani ulikuwa 4.1 mara ya kwanza na 6.3 mara ya pili. Wanafunzi 51 walipanda. Alikaa pia nyuma ya darasa katika vipindi 12 vya walimu 8, akaona 6 kati yao wakichanganya Kiingereza na Kiswahili, hasa walipokuwa wakifafanua dhana mpya. Ni kazi ya heshima kabisa kwa tasnifu ya uzamili, na matokeo yake yana jambo la kusema. Aya yake ndiyo inayomwangusha, kwa sababu inazungumzia nchi ambayo hakuitembelea na mtihani ambao hakuuchunguza.

"Wote?"

Dalili hii ndiyo rahisi kuiona: wote, kila, daima, kamwe, hakuna. "Walimu wote huchanganya lugha" inakufa papo hapo, kwa sababu daftari la mwandishi mwenyewe linasema 6 kati ya 8. Dawa hapa si kuongeza tahadhari. Dawa ni kurudisha namba. "Walimu 6 kati ya 8 walichanganya lugha" haina "huenda" ndani yake, wala haihitaji, na hakuna mtahini atakayeigusa. Watu wengi wanadhani lugha ya tahadhari maana yake ni maneno ya shaka. Mara nyingi ni hesabu tu iliyowekwa mahali pake.

Lakini kuna sura ya ugonjwa huu isiyoonekana kwa haraka, nayo inatuhusu sisi tunaoandika kwa Kiswahili: kiambishi hu-. Tazama sentensi ya kwanza: "Wanafunzi wa kidato cha kwanza hufeli." Hakuna "wote" hapo, na mwandishi ukimwuliza atakwambia amesema kwa upole. Hakusema kwa upole. Hu- ni hali ya mazoea. Inalitoa tendo katika siku na mahali lilipotokea na kulifanya tabia. "Simba hula nyama" haizungumzii simba wa Mikumi peke yao. Kwa hiyo "wanafunzi hufeli" inasomeka kama sheria ya maumbile ya wanafunzi, na "walimu huchanganya lugha" ni dai kuhusu walimu popote walipo, hata ukiondoa neno "wote". Nimeona watu wakifuta "wote" kwa utiifu, wakaacha hu-, kisha wakashangaa maoni yaleyale yakirudi.

Jaribio lake ni rahisi. Chukua kila kitenzi chenye hu- katika sura ya matokeo na ukibadilishe kiwe cha wakati uliopita: "walichanganya", "walipata", "walisema". Kama sentensi bado ni kweli na bado inasema ulichokiona, iache hivyo. Matokeo ni mambo yaliyotokea, na yaliyotokea yana -li-. Hu- ihifadhi kwa yale ambayo kweli ni desturi na una msingi wa kuyasema, na hata hapo iwekee neno la kiasi mbele yake: "aghalabu hutumia", "kwa kawaida huanza". Kuna mpaka hapa: katika sura ya pili, unapoeleza nadharia inavyodai, hu- ni sahihi kwa sababu nadharia yenyewe inazungumzia desturi.

Sampuli nayo ina usemi wake. Kama ulichagua shule mbili kwa sababu zilikuwa karibu na barabara na mkuu wa shule alikubali, hiyo si sampuli nasibu, na haikupi ruhusa ya kusema "wanafunzi wa Tanzania". Inakupa ruhusa ya kusema "wanafunzi wa shule hizi". Neno "hawa" au "hizi" likiwekwa baada ya nomino linafanya kazi kubwa kwa herufi nne: "wanafunzi hawa", "shule hizi", "katika data hizi".

"Kwa nini iwe ndiyo?"

Hapa ndipo nitakapokaa kidogo, maana ni ugonjwa ambao Kiswahili kinauficha vizuri kuliko lugha nyingine nilizosoma.

Linganisha sentensi mbili:

"Lugha ya kufundishia inasababisha wanafunzi wasielewe."

"Lugha ya kufundishia ndiyo inayosababisha wanafunzi wasielewe."

Ya kwanza inataja sababu. Ya pili inafunga mlango. Ndi- inateua kitu kimoja na kuviondoa vingine: hii, si nyingine. Mtu akiuliza "Nani kavunja kikombe?" na ukajibu "Juma ndiye aliyevunja", umemwondolea lawama kila mtu mwingine ndani ya nyumba. Kwenye mazungumzo ndi- inatumika pia kutia mkazo tu, na ndiyo maana, ona, nimeitumia hapa bila kufikiri. Ila mtahini hasomi kama msikilizaji wa mazungumzo. Anaiona ndi- kisha anauliza: vitabu je? Idadi ya wanafunzi darasani je? Mwalimu wa biolojia aliyehama muhula uliopita na hajapata mbadala je? Kwa silabi moja umedai kwamba hayo yote uliyachunguza na kuyaondoa.

Kwa hiyo kila "ndiyo", "ndicho", "ndiko", "ndio" katika sura ya nne na ya tano inapaswa kujibu swali hili: je, nilivipima na vingine? Kama hapana, toa ndi- na irudi kuwa "ni mojawapo ya", "inachangia", "ina nafasi katika". Na ukiandika "mojawapo ya sababu", uwe tayari kutaja angalau nyingine moja, la sivyo ni pambo.

Chini ya ndi- kuna kitenzi chenyewe, "sababisha". Hiki ni kitenzi cha majaribio yaliyodhibitiwa. Kukitumia unahitaji kuonyesha kwamba kitu kimoja tu kilibadilika na vingine vikabaki vilevile. Mwandishi wetu alikaribia: wanafunzi walewale, maswali yaleyale, lugha tofauti. Wengi hawafiki hata hapo. Lakini kuna kitu cha pili kilichobadilika bila yeye kukitaja, nacho ni mpangilio. Kiswahili kilikuja cha pili. Mwanafunzi aliyeliona swali la usanisinuru Jumatatu iliyopita, akatoka akamwuliza mwenzake jibu, angeweza kupanda alama hata kama swali lingerudi kwa Kiingereza. Kiasi gani cha ile tofauti ya alama 2.2 ni lugha, na kiasi gani ni kuliona swali mara ya pili? Data hazisemi. Kama angeligawa darasa, nusu waanze na Kiswahili na nusu waanze na Kiingereza, angekuwa na jibu. Hakufanya hivyo, na sasa ni kuchelewa.

Hapa "huenda" inapata kazi yake halali. Ipo shaka ya kweli, ina jina, na inajulikana imetoka wapi: "sehemu ya tofauti hii huenda ilitokana na wanafunzi kuyaona maswali kwa mara ya pili." Tahadhari nzuri huwa na anwani. Ukiandika "huenda" na huwezi kueleza kwa nini si "hakika", basi hujui shaka yako iko wapi, na msomaji hatajua pia.

Kuhusu vitenzi vingine vya kushika nafasi ya "sababisha": "inahusiana na" ni salama iwapo umeona vitu viwili vikienda pamoja na hujui kipi kinavuta kipi, "inachangia" bado inadai uelekeo, ila haidai upekee, "iliathiri" ni kali kidogo kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo ifungie kwa wakati uliopita na kwa watu uliowaona.

"Imethibitisha?"

Kifupi. Utafiti wa wanafunzi 64 hauthibitishi. Unaonyesha, unaashiria, unadokeza, unaunga mkono. Hivi si visawe vya kubadilishana ili aya isichoshe. "Kuonyesha" ni kwa kile ambacho namba zenyewe zinakisema: "Jedwali linaonyesha kwamba wanafunzi 51 walipanda." "Kuashiria" ni kwa hatua moja mbele ya namba, pale unapofasiri. "Kudokeza" ni kwa ushahidi mwembamba, mfano usaili wa watu wawili. Nadharia tete nayo haithibitishwi. Inaungwa mkono na data au inakataliwa, kwa sababu mtafiti wa kesho anaweza kuja na sampuli itakayoipindua.

Onyo la kando: epuka "matokeo yanapendekeza kwamba lugha iliathiri uelewa". Kupendekeza kwa Kiswahili ni kutoa shauri, na matokeo hayana mdomo wa kutoa shauri. Anayependekeza ni wewe, katika sehemu ya mapendekezo. Matokeo yanaashiria.

"Nani kasema?"

"Inasemekana kwamba mtoto hujifunza vizuri zaidi kwa lugha anayoijua." Mwandishi alidhani anajihadhari. Kwa kweli amefanya kinyume: ameweka dai zito na kumficha mwenye dai. "Inasemekana", "inaaminika", "wengi wanakubali" ni lugha ya habari ambayo haijahakikiwa. Kwenye kibaraza cha kahawa inatosha. Kwenye tasnifu inamtia mashaka msomaji kwamba hukusoma, au ulisoma ukasahau wapi.

Dawa ni kumtaja mtu na kumwachia dai lake: "kwa mujibu wa fulani (mwaka)", "fulani anahoji kwamba". Sasa wewe hujabeba mzigo wa dai zima. Umebeba tu mzigo wa kulinukuu kwa uaminifu. Na hapa chagua kitenzi kwa uangalifu, kwa maana kinaonyesha msimamo wako. "Anadai" inaweka umbali. "Anaonyesha" inakubali. "Anabainisha" inakubali kabisa, kwa kuwa kinachobainishwa ni kitu kilichopo. Nimewahi kusoma rasimu ambamo mwandishi "anabainisha" jambo katika ukurasa mmoja, na kurasa mbili mbele mwanafunzi anampinga. Mtu alikwisha kulibainisha; unampingaje?

Kuna wakati ushahidi wenyewe una umbo ambalo watu hulivunja wanapolibeba. Mfano ninaoukuta katika insha za fasihi: "Fasihi andishi ya Kiswahili ilianza mwaka 1728." Mwaka huo umetoka kwenye hati ya Utendi wa Tambuka, iliyoandikwa kisiwani Pate kwa herufi za Kiarabu, yenye tarehe ya 1141 Hijria. Ni miongoni mwa hati kongwe zaidi za Kiswahili zinazojulikana. Lakini tazama umbali kati ya kauli hizo mbili. Hati kongwe iliyosalia inatuambia kwamba kufikia mwaka huo watu walikuwa wakiandika. Haituambii waliwahi kuanza lini. Karatasi za pwani huliwa na mchwa na unyevu, na utenzi mrefu wenye mizani iliyokwisha kukomaa si kazi ya mtu anayeshika kalamu kwa mara ya kwanza katika jamii yake. Kwa hiyo dawa si "Huenda fasihi andishi ilianza 1728", ambayo bado ni dai lilelile, limevikwa kanzu. Dawa ni "kufikia mwaka 1728 Kiswahili kilikuwa tayari kikiandikwa, kama hati ya Tambuka inavyoonyesha." Hiyo haina shaka hata chembe, na ni kweli zaidi.

"Sasa unadai nini?"

Huu ni ugonjwa wa dawa. "Huenda labda inawezekana kwamba kwa kiasi fulani baadhi ya wanafunzi wanaweza kuwa na changamoto." Hesabu: sita. Sentensi hii haiwezi kukosea, kwa hiyo haisemi kitu. Kanuni ninayowapa watu ni shaka moja kwa dai moja, nayo ikae jirani na kile inachokitilia shaka. Kama huna uhakika na chanzo, weka tahadhari kwenye chanzo: "tofauti hii huenda ilitokana na…" Kama huna uhakika na idadi ya watu, iweke kwenye idadi: "baadhi ya walimu". Ukiziweka zote mbili, hakikisha kweli una mashaka mawili.

Mwanaisimu George Lakoff, alipoandika kuhusu maneno ya aina hii mwaka 1972, alisema kazi ya maneno hayo ni kulifanya jambo liwe na ukungu zaidi au ukungu pungufu. Watu wanakumbuka nusu ya kwanza. Nusu ya pili ndiyo inayowafaa waandishi wa tasnifu: "hasa", "kwa kiwango cha sampuli hii", "katika kufafanua dhana mpya" ni tahadhari pia, lakini zinakata ukungu.

Kuna mambo matatu madogo chini ya ugonjwa huu ambayo huwakwaza hata waandishi wazuri.

La kwanza ni kutilia shaka kisichohitaji shaka. "Inaonekana kwamba sampuli ilikuwa na wanafunzi 64." Ulikuwepo. Uliwahesabu. Vivyo hivyo "Kiswahili kinaweza kuchukuliwa kuwa lugha ya Kibantu": ngeli zake na viambishi vya vitenzi vyake vimekwisha kulimaliza hilo, na kiko katika kundi la Sabaki pamoja na Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro. Kilipoanzia hasa, na lini, hapo ndipo pa kuweka tahadhari. Mwandishi anayetilia shaka kila kitu kwa kipimo kimoja anaonyesha hajui kipi kina mjadala na kipi hakina.

La pili ni "ingeonekana kwamba". Imeingia kwetu ikitafsiriwa kutoka Kiingereza, ambako umbo lake hulainisha kauli. Kwa Kiswahili -nge- inamfanya msomaji asubiri sharti: ingeonekana, kama nini? Kama taa zingewashwa? Tuna "inaelekea" na "yaelekea", zinatosha. Nyumba halali ya -nge- ni kwenye mapendekezo ("ingefaa utafiti ujao ugawe darasa") na pale unapozungumzia hali ambayo kweli haikutokea.

La tatu ni "nafikiri", "kwa maoni yangu", "mimi naona". Haya yanahamisha uzito kutoka kwenye data na kuuweka kwenye nafsi yako, na mtahini hakukuomba maoni. Ukisema "data hizi zinaashiria", mtu akikupinga atapinga data. Ukisema "naona", atasema yeye anaona vingine, na mazungumzo yamekwisha. "Labda" nayo ina harufu hiyohiyo ya mazungumzo. "Huenda" na "pengine" zinakaa vizuri zaidi kwenye maandishi. "Yamkini" siitumii kabisa katika kazi ya kitaaluma, kwa kuwa nimeona wasomaji wawili wakiisoma tofauti: mmoja akaelewa "inawezekana tu", mwingine "inaelekea sana". Neno la kupimia kiwango cha uhakika halipaswi kuwa na viwango viwili.

Aya ikiwa imetibiwa

Turudi kwa mwandishi wetu. Akitoa hu-, akitoa ndi-, akirudisha namba zake na kuipa shaka yake anwani, aya inakuwa hivi:

"Wanafunzi 51 kati ya 64 walipata alama za juu zaidi walipojibu maswali kwa Kiswahili kuliko walipojibu maswali yaleyale kwa Kiingereza, na wastani ulipanda kutoka 4.1 hadi 6.3 kati ya 10. Tofauti hii inaashiria kwamba lugha ya jaribio iliathiri namna wanafunzi hawa walivyoonyesha uelewa wao. Hata hivyo, sehemu ya tofauti huenda ilitokana na kuyaona maswali kwa mara ya pili, kwa kuwa jaribio la Kiswahili lilifuata baada ya wiki moja. Walimu 6 kati ya 8 walichanganya lugha katika vipindi vilivyoshuhudiwa, hasa walipokuwa wakifafanua dhana mpya. Matokeo haya hayaelezi ufaulu katika mitihani ya taifa, ambao haukuchunguzwa."

Angalia mambo mawili. "Huenda" imetokea mara moja tu katika aya nzima, na aya imekuwa ndefu zaidi bila kuwa dhaifu. Pia "uelewa" umegeuka kuwa "namna walivyoonyesha uelewa", kwa sababu jaribio halipimi kichwa. Linapima kilichoandikwa kwenye karatasi. Inawezekana kabisa mwanafunzi aliielewa mada na akakosa neno la Kiingereza la kuisemea. Hilo ni jambo tofauti na kutoelewa, na kwa mada hii ni jambo kubwa. Mwandishi asingeligundua kama angeishia kunyunyiza "labda".

Sentensi ya "inasemekana" imeondoka. Ilikuwa mali ya sura ya pili, ikiwa na jina na mwaka.

"Mbona ikisiri inasema vingine?"

Huu unakuja mwishoni kabisa, na ndio unaoudhi watahini, kwa sababu wengi wao wanaanza kusoma ikisiri kisha wanaruka hadi sura ya tano. Sura ya nne imetibiwa vizuri, kila dai lina mipaka yake. Sura ya tano inaifupisha, na katika kufupisha mipaka inadondoka. Ikisiri inaifupisha sura ya tano, na iliyobaki nayo inadondoka. Dai lililoanza kama "inaashiria kwamba lugha ya jaribio iliathiri namna wanafunzi hawa walivyoonyesha uelewa wao" linaishia kuwa "utafiti umethibitisha kwamba Kiingereza kinasababisha kufeli." Mara nyingi si ujeuri. Ikisiri iliandikwa miezi minne kabla, wakati wa kuomba kibali, na hakuna aliyerudi kuigusa. Nyingine zimebanwa na kikomo cha maneno, na watu wakibanwa wanakata kwanza vile vineno vidogo, ambavyo ndivyo vilivyokuwa vinaishikilia kweli.

Njia ninayoitumia ni kufungua ikisiri na sura ya nne kando kwa kando, na kwa kila sentensi ya matokeo katika ikisiri nitafute mama yake kule. Kitenzi lazima kiwe kilekile au chepesi zaidi. Kama maneno yamebana, punguza idadi ya matokeo unayoyataja, usipunguze mipaka ya yale unayoyataja.

Kisha pitisha utafutaji kwa `Ctrl+F`. Kiswahili kinabandika viambishi mbele, kwa hiyo usitafute neno zima, tafuta mzizi. `thibit` itakupa umethibitisha, imethibitika na yalithibitishwa kwa mkupuo mmoja. `sababish` vivyo hivyo. Kwa ndi- anza na nafasi, kisha `ndi`, la sivyo utaletewa kila "kundi", "mwandishi" na "kufundishia" iliyomo, na katika tasnifu ya elimu hizo ni mamia. Kwa "wote" na ndugu zake tafuta `ote` ikifuatiwa na nafasi, upate wote, yote, zote, vyote na kote. Utaokota na "yoyote" na "popote", ambazo nazo si vibaya kuzikagua. Rudia `ote` kwa nukta na kwa mkato, maana zile za mwisho wa sentensi hazifuatiwi na nafasi.

Hu- haitafutiki hivyo. Ukiandika nafasi na `hu` utazama kwenye huyu, huo, huduma, huru na huenda zenyewe. Hiyo chapisha sura ya nne kwenye karatasi, chukua kalamu, na uizungushie duara moja baada ya nyingine.